Fungu la Mgonjwa na Fungu la Kampuni: Ushauri kwa Anayenunua Bima ya Afya Mara ya Kwanza

Mtu anunuapo bima ya afya kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza mambo mawili, ada ya mwaka ni kiasi gani na hospitali zipi zitampokea. Maswali hayo ni ya haki, walakini hayamfunulii jambo litakalomkabili dirishani kwa mhasibu siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, nalo ni kujua, katika jumla iliyoandikwa kwenye ankara, fungu lipi ni lake na fungu lipi ni la kampuni. Jawabu lake limo katika vifungu vitatu vya mkataba, ambavyo mara nyingi huchapwa katika jedwali la manufaa kwa tarakimu chache zisizo na maelezo. Cha kwanza ni kima cha mwanzo, yaani gharama ambayo mwenye bima hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti moja. Cha pili ni mchango, yaani sehemu anayoitoa mgonjwa katika kila gharama ambayo kampuni nayo inailipa. Na cha tatu ni ukomo, yaani kiwango ambacho kampuni ikishakifikia huondoa mkono wake, na kila kinachosalia humrudia mgonjwa na jamaa zake. Mawakala huviita ekses, kopei na limiti, na msomaji akisikia majina hayo asidhani kuwa ameletewa mambo mengine.

Kila kimoja kati ya vifungu hivi, kikitazamwa peke yake, ni chepesi kufahamika. Taabu huzuka pale vyote vitatu vinapokutana katika ankara moja, na kwa hiyo nitavipitia kwanza kimoja kimoja, kisha tuvitie pamoja katika hesabu ya jamaa mmoja wa kubuni tuone nani analipa nini.

Kima cha mwanzo kimewekwa kwa maslahi ya kampuni, ingawa mnunuzi naye hupata chake. Dai la shilingi elfu mbili humtaka karani taklifa ileile ya kulikagua kama dai la laki mbili, basi kampuni hupenda madai madogo yasifike mezani pake kabisa. Fauka ya hayo, mgonjwa ajuaye kuwa fungu la kwanza litatoka mfukoni mwake hana pupa ya kulazwa kwa maradhi yanayoweza kutibiwa akiwa nyumbani. Mnunuzi akiliafiki sharti hilo hupunguziwa ada. Hakuna dhuluma katika mapatano hayo, mradi ajue amekubali nini, kwa sababu kima cha shilingi 20,000 kikiandikwa hivyo tu, bila maneno mengine, huweza kuwa na maana tatu zilizo mbali mbali. Huenda kikawa ni cha mtu mmoja kwa mwaka mzima, na akishakimaliza mwezi wa Februari hatakumbana nacho tena mpaka mkataba uhuishwe. Huenda kikawa ni cha kila kulazwa, na mtu aliyelazwa mara tatu akajikuta amelipa 60,000. Au huenda kikawa ni cha nyumba nzima, ambapo gharama za baba, mama na watoto hujumlishwa hadi kitimie. Maana ya kwanza na ya tatu hustahimilika. Ile ya pili ni ya kuogopwa na kila mwenye maradhi yanayorudi rudi, kama pumu au selimundu, na mimi singemshauri mtu wa namna hiyo aikubali hata kama ada imeshushwa sana.

Liko jambo jingine katika kima cha mwanzo ambalo huwapotezea watu fedha zao kimya kimya. Kima hiki hakitimii kwa fedha yoyote uliyoilipa hospitalini, kinatimia kwa gharama ambazo mkataba unazitambua na ambazo kampuni imearifiwa. Mtu aliyelipa 8,000 mwezi wa Machi na 12,000 mwezi wa Juni kwa matibabu yanayoingia katika hesabu, akazitupa stakabadhi kwa kuwa aliambiwa kiasi hicho hakirudishwi, katika daftari la kampuni ni mtu asiyelipa kitu, na akilazwa mwezi wa Oktoba ataanza upya kana kwamba mwaka ndiyo kwanza umeingia. Sharti kila stakabadhi, iwe ndogo namna gani, ipelekwe pamoja na fomu ya dai ndani ya muda uliotajwa, si kwa tamaa ya kurudishiwa, ila iandikwe kuwa fungu lako umeshaanza kulitoa. Mikataba mingi ya makazini katika Afrika Mashariki haina kima hiki kabisa. Utakikuta zaidi katika mikataba ya kimataifa, na katika ile inayonunuliwa na watu binafsi wanaotafuta nafuu ya ada.

Mchango, kwa upande wake, huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni kiasi kisichobadilika, mathalan shilingi 500 au 1,000 kila unapomwona daktari bila kulazwa, na hii huonekana nyepesi mpaka utakapotambua kuwa ukienda zahanati ndogo ambako kumwona daktari na kupewa dawa ni 800, mchango wa 500 umekuachia bima ya shilingi 300 tu. Sura ya pili ni asilimia, ambayo katika gharama ndogo haina uzito, lakini katika gharama kubwa hukua pamoja nayo bila huruma, maana asilimia 10 ya elfu tano ni mia tano, na asilimia hiyohiyo ya milioni moja ni laki nzima. Kwa ajili hiyo, mahali popote ulipoandikwa mchango wa asilimia kwa mgonjwa aliyelazwa, mnunuzi na aulize kama una kikomo chake. Wenzetu wanaofanya kazi Dubai, ambako sheria ya mwaka 2013 ilifanya bima ya afya kuwa lazima, wanaijua hifadhi hiyo katika mpango wa msingi wa wafanyakazi wa mshahara mdogo: mgonjwa aliyelazwa huchangia asilimia 20, lakini haizidi dirhamu 500 kwa kulazwa mara moja wala dirhamu 1,000 kwa mwaka, na baada ya hapo kampuni hulipa yote mpaka ukomo wake. Hapa kwetu kifungu kama hicho hakipatikani mpaka kiombwe.

Watu wengine hudhani mchango umetungwa ili kuwanyanyasa wagonjwa tu. Ukweli wake ulipimwa Marekani kati ya mwaka 1974 na 1982, katika jaribio la taasisi ya RAND lililogawa familia zaidi ya 2,000 kwa kura katika mipango tofauti, nyingine zikatibiwa bure na nyingine zikalipa asilimia 25, 50 au 95 ya gharama mpaka kiwango fulani. Waliolipa walikwenda kwa madaktari kwa uchache zaidi, na afya ya walio wengi haikudhurika. Lakini yalionekana mambo mawili mazito: kwamba watu walipopunguza matibabu walipunguza ya lazima na yasiyo ya lazima sawasawa, kwa kuwa mgonjwa hana elimu ya kuyatenga, na kwamba maskini waliokuwa tayari wana maradhi, hususan shinikizo la damu, walikuwa na hali bora pale walipotibiwa bure. Natija yake kwa mnunuzi ni nyepesi. Mwenye afya njema anaweza kukubali mchango mkubwa kwa ada ndogo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu, ambaye dawa zake ni za kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake, heri alipe ada kubwa kidogo apate mchango mdogo wa dawa, asije akafika siku ya kuruka dozi kwa kukosa mia tano.

Sasa tuufikie ukomo, ambao kwa rai yangu ndio kifungu kizito kuliko viwili vilivyotangulia, na ndicho kinachosomwa kwa haraka kuliko vyote, kwa sababu huandikwa kwa tarakimu kubwa inayopendeza macho. Laki tano! Mtu asiyewahi kulipia chumba cha wagonjwa mahututi huona kuwa ni mali isiyokwisha. Swali la kwanza la kuliuliza ni kama laki hizo tano ni za kila mtu au ni za nyumba nzima, maana ukomo wa nyumba nzima ni mtungi mmoja wa maji wanaouchotea wote, na aliyetangulia kuugua hamwulizi mwenziwe amwachie kata ngapi. Swali la pili ni la ukomo mdogo uliomo ndani ya ule mkubwa. Jedwali linaweza kusema laki tano juu, kisha chini yake likataja 100,000 kwa uzazi, 150,000 kwa maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kujiunga, na kadhalika. Na fedha hizo si nyongeza juu ya laki tano, ni vyumba vilivyokatwa ndani ya nyumba ileile. Mwenye kisukari aliyelazwa kwa figo atafungiwa katika 150,000, ijapokuwa zile laki tano bado hazijaguswa.

Hapa nichepuke kidogo. Msomaji mwenye ndugu Marekani atamsikia akisema kuwa kuna kiasi ambacho akishakilipa kwa mwaka, bima yake hulipa yote yaliyobaki, na sheria ya mwaka 2010 ya nchi ile imezuia kampuni kuweka ukomo wa mwaka au wa maisha katika matibabu ya msingi. Maneno hayo ni kweli, lakini ni ya mkataba wa kule. Kule aliyewekewa mpaka ni mgonjwa. Katika mikataba yetu mingi iliyowekewa mpaka ni kampuni, na mgonjwa hana mpaka wowote. Ndugu mwenye nia njema akikupa nasaha za kima cha mwanzo kwa uzoefu wa Minnesota, msikilize kwa adabu kisha usome jedwali lako.

Tuchukue basi fundi umeme wa Mombasa, mwenye mke na watoto wawili, aliyenunua mkataba wenye kima cha mwanzo cha shilingi 20,000 kwa kila mtu kwa mwaka, mchango wa asilimia 10, na ukomo wa 500,000 kwa nyumba nzima kwa wagonjwa wanaolazwa. Mwezi wa Aprili mkewe anapasuliwa kidole tumbo, na ankara inafika 230,000. Ndani yake mna 10,000 za vitu visivyomo katika mkataba, kama chakula cha mwuguzaji na vifaa vya kuogea, na hizo ni za fundi bila mjadala. Zinabaki 220,000. Ondoa kima cha mwanzo, 20,000, zinabaki 200,000. Mchango wa asilimia 10 ni 20,000. Kampuni inalipa 180,000. Fundi ametoa 50,000 kwa jumla, akashukuru Mungu, na kwa haki, maana bila bima angetoa 230,000.

Pengine karani angeanza na mchango kwanza: asilimia 10 ya 220,000 ni 22,000, zibaki 198,000, kisha atoe kima cha mwanzo, kampuni ilipe 178,000. Tofauti ni shilingi 2,000, na siku zote itakuwa ni ile asilimia ya mchango ikipigwa katika kima cha mwanzo, haizidi hapo. Nimeona watu wakibishana kwa ghadhabu juu ya kipi kitangulie kati ya viwili hivi. Mpangilio wa kugombewa ni mwingine, nao tutauona sasa hivi.

Mwezi wa Septemba fundi mwenyewe anapatwa na kiharusi, analazwa siku kadhaa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na ankara inafika 620,000, ambamo 20,000 hazimo katika mkataba. Zinabaki 600,000. Kima cha mwanzo cha mkewe hakimfai yeye, kwa hiyo anatoa 20,000 zake. Asilimia 10 ya 580,000 zilizobaki ni 58,000. Fungu la kampuni lingekuwa 522,000. Lakini mtungi umekwisha kuchotwa. Kampuni ilitoa 180,000 mwezi wa Aprili, zimebaki 320,000, na hizo ndizo itakazolipa. Shilingi 202,000 zinaanguka nje ya ukomo, zikijumlishwa na zile 98,000 ambazo fundi alikuwa azilipe kwa hali yoyote, nyumba inadaiwa 300,000. Angekuwa na ukomo wa milioni moja, deni lingekuwa 98,000 tu.

Hiyo ni hesabu ya kampuni inayouweka ukomo mwisho, yaani inayohesabu fedha zilizotoka katika kasha lake. Ziko kampuni zinazouweka ukomo mwanzo, zikahesabu gharama yote inayotambuliwa kabla ya kuondoa fungu la mgonjwa. Kwa kampuni ya namna hiyo, mwezi wa Aprili ukomo ulipungua kwa 220,000, si 180,000, na zimebaki 280,000. Ankara ya Septemba hukatwa kwanza ifike 280,000, kisha hutolewa kima cha mwanzo, zibaki 260,000, kisha mchango wa 26,000, na kampuni hulipa 234,000. Fundi anadaiwa 386,000. Mkataba una tarakimu zilezile, maradhi ni yaleyale, na tofauti ya 86,000 imetoka katika mpangilio wa hesabu peke yake. Swali la kumwuliza wakala, basi, na kutaka jawabu lake kwa maandishi ya kampuni yenyewe, ni hili: je, ukomo unapimwa kwa gharama iliyokubaliwa au kwa kiasi mlicholipa ninyi? Wakala mwaminifu asiyejua atakwenda kuuliza. Anayejibu papo hapo kuwa hakuna tofauti, mwonyeshe hesabu ya fundi.

Kutokana na hayo utaona ushauri wangu unakoelekea. Mnunuzi mwenye fedha ya kutosha ada moja tu, anayelazimika kuchagua, na akubali kima cha mwanzo kikubwa zaidi ili kwa nafuu ile anunue ukomo mkubwa zaidi. Kima cha mwanzo ni hasara inayojulikana mapema. Waweza kuiwekea akiba katika simu au katika chama, ukajua kuwa ikija haitazidi hapo. Gharama iliyopita ukomo haina kipimo, na huja wakati ambapo mchuma riziki ndiye aliyelala kitandani. Sharti la ushauri huu ni moja, kwamba akiba ile iwepo kweli, kwa sababu hospitali nyingi za binafsi hudai fungu la mgonjwa taslimu kabla ya kumruhusu aende, na mtu asiyeweza kupata 40,000 kwa siku moja hafai kununua kima cha 40,000, hata kama ada yake ni nafuu mno.

Kwa msomaji wa Kenya liko neno moja la ziada. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na mikataba mingi ya binafsi huandikwa kwa kudhani kuwa mfuko wa umma utatoa sehemu yake kwanza kwa mgonjwa aliyelazwa. Ukiwa umelipa michango yako, sehemu hiyo hupunguza ankara kabla haijaanza kuula ukomo wako. Ukiwa umeiacha ilale, kampuni yaweza kukutaka uitoe sehemu hiyo wewe mwenyewe. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila ya kuulizwa. Aliyejiajiri, kama fundi wetu, ndiye wa kuangalia tarehe.

Mwisho ni mwenendo wa wodini, ambao ni wa jamaa kuliko mgonjwa. Kampuni huipa hospitali barua ya idhini yenye kiasi maalumu, na kiasi hicho kikikaribia kwisha hospitali huomba nyongeza. Jamaa waliokaa bila kuuliza hupata habari siku ambayo nyongeza imekataliwa. Mmoja wenu na aombe ankara ya muda kila siku ya pili, na kila mara apige simu kwa kampuni aulize ukomo uliobaki, kwa kuwa hesabu ya hospitali na hesabu ya kampuni hazipatani kila mara. Ikiwa theluthi mbili za ukomo zimekwisha na daktari bado anataja majuma, hapo ndipo pa kumwuliza kwa taadhima kama mgonjwa ametulia kiasi cha kuhamishiwa hospitali ya rufaa ya serikali, wakati fedha za gari la wagonjwa na za siku za mwanzo za huko bado zimo ndani ya mkataba. Swali hilohilo likingoja mpaka ukomo umekwisha, kila siku ya kutafuta kitanda kule ni deni jipya huku.